Kusahihisha insha ya KCSE kwa mwongozo: kiwango kwanza, alama baadaye

Mwaka wangu wa kwanza kusahihisha insha za fomu foo nilimpa mtoto mmoja 4 kwa 20. Nilikuwa nimepiga mistari mekundu kila mahali, nikahesabu makosa, nikatoa alama moja kwa kila kosa hadi zikabaki nne. Mkuu wa idara akaichukua ile skripti, akaisoma kimya mpaka mwisho bila peni mkononi, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe umeelewa hiki kisa?" Nikasema ndiyo, nimekielewa chote. Akaniambia basi huyu hawezi kuwa D, kiwango cha chini kabisa, manake D ni ya mtu ambaye lazima ukae ukibahatisha anataka kusema nini. Aliirudisha ikiwa na 11. Tangu siku hiyo nimejua shida kubwa kwenye usahihishaji wa insha si kutoona makosa, shida ni kuanza na makosa.

Sasa hapa naongelea Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili kwenye KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne Kenya, ile 102/1, insha mbili, ya kwanza ya lazima na nyingine mwanafunzi anachagua, kila moja alama 20. Nitachukua insha ya methali tu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", niipitie kuanzia unapoichukua skripti mpaka unapoandika alama. Methali ndio mahali walimu wengi wanatofautiana sana, na ukishaimudu hiyo zingine zinafuata njia ileile.

Kabla hujashika peni

Mwongozo umegawa alama 20 katika viwango vinne. D ni 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Ndani ya kila kiwango kuna ngazi tatu, kwa mfano C- ni 06 na 07, C ya katikati ni 08, C+ ni 09 na 10. Hii maana yake ni kwamba hauanzi na 20 ukipunguza wala hauanzi na sufuri ukiongeza. Unatafuta kwanza insha inakaa nyumba gani, halafu ndani ya hiyo nyumba unatafuta chumba.

Kwa hivyo soma insha yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuandika chochote. Najua ukiwa na skripti mia moja na hamsini mezani unaona ni kupoteza wakati lakini niamini, inakuokolea wakati, manake ukipigia mstari ukurasa wa kwanza halafu ukurasa wa pili ukakuta mtoto ameamka na anaandika vizuri, akili yako tayari imeshamhukumu. Ukimaliza kusoma jiulize mambo mawili. La kwanza, nimeelewa bila kuhangaika? La pili, kisa kimelenga swali?

Jibu la swali la kwanza ndilo linalokupa kiwango. Kama ulilazimika kukisia, uko D. Kama ulielewa lakini mawasiliano ni hafifu, mtoto anajirudiarudia, mawazo yanakatika na lugha ya kwanza inaingilia, uko C. Kama alijieleza waziwazi na sentensi nyingi zimekaa sawa hata kama makosa yapo, hiyo ni B. A ni yule ambaye ulisahau unasahihisha, lugha inatiririka, ana ubunifu, na makosa yake ni machache na si ya kimsingi. Andika hicho kiwango na peni ya risasi pembeni, herufi tu, bila namba.

Swali la pili kwenye methali lina mtego wake. Methali ina pande mbili na kisa lazima kizibebe zote. Hapa upande wa kwanza ni kukataa kusikia la mkuu, wa pili ni kuvunjika guu, yaani kupata madhara kwa sababu ya kule kukataa. Utakutana na insha tamu kabisa ambapo kijana mtukutu anapata ajali lakini hakuna mtu aliyewahi kumkanya popote. Hapo hakuna la mkuu, kuna bahati mbaya tu. Au amekanywa asiache shule, ameacha, halafu anaumwa na nyoka akienda sokoni, madhara yapo ila hayatokani na kukaidi. Zote hizo zimeshughulikia upande mmoja, na angalia skimu, yaani mwongozo wa swali lenyewe, inasema upande mmoja usipite alama ngapi, usitunge kikomo chako. Vilevile usimwadhibu mtoto kwa kutoeleza maana ya methali kwenye utangulizi kama skimu haikudai hivyo, kuna walimu wanaokata maksi hapo kwa mazoea tu.

Na yule aliyejitungia swali lake akalijibu, hata aandike Kiswahili cha kuvutia namna gani, mwongozo unamweka D-, yaani 01 au 02. Inauma lakini ndivyo ilivyo. Ila kabla hujamtupa huko hakikisha kweli amepotoka, isiwe kisa kimezunguka kikafika mwishoni.

Sasa chukua peni nyekundu

Raundi ya pili ndiyo ya kutia alama. Skripti iliyosahihishwa ni ushahidi, mwalimu mwingine akiichukua aone kwa nini ulifika pale ulipofika. Mistari miwili chini ya neno ni kosa la sarufi. Mstari mmoja ni kosa la hijai, yaani tahajia. Tiki juu ya neno ni msamiati bora, na × juu ya neno ni msamiati usiofaa. Kile kialama cha ^ kinaonyesha neno limeachwa. Chini katikati ya kila ukurasa unaweka tiki kuthibitisha umeupitia. Na sheria ambayo wengi wanaisahau ni kwamba kosa linapigiwa mstari linapotokea kwa mara ya kwanza tu.

Hebu tuangalie aya moja, nimeiunda mwenyewe kufanana na zile ninazokutana nazo kila mwaka. Ni aya ya nne katika insha ya aya tano:

"Siku hiyo babake alimwambia hasiende mtoni kwasababu mvua ilikuwa imenyesha sana. Juma alitia nta masikioni akaenda na marafiki zake ambao walikuwa wame mngojea njiani. walipofika waliona maji ilikuwa mengi na ilikuwa inaenda kwa kasi lakini Juma aliingia kwa maji bila kujali. Kufumba na kufumbua maji ilimbeba kama unyoya. Alipoona maji inamzidi alipiga moyo konde akaanza kulia, 'Niokoweni!' Watu walikimbia wakampeleka hospitali na daktari akasema mguu wake umevunjika. Mamake alilia sana n.k."

Ukiitazama haraka unaona wekundu mtupu. Twende polepole.

Hijai kwanza. "Hasiende" ina h ambayo haifai, mstari mmoja. "Kwasababu" ni maneno mawili yameunganishwa, mstari mmoja. "Wame mngojea" ni neno moja limetenganishwa, mstari mmoja. "Niokoweni" ina w ya ziada, ni niokoeni. Na ile "n.k." pia ni kosa la hijai, manake kwenye insha kufupisha maneno hakuruhusiwi, sawa na kuandika tarehe kwa tarakimu tupu. Jumla matano.

Sarufi. "walipofika" imeanza sentensi kwa herufi ndogo, na herufi kubwa na ndogo mwongozo umeziweka upande wa sarufi pamoja na uakifishaji, si upande wa hijai. Hapo ndo utaona walimu wawili wamepiga mistari tofauti kwa kosa moja. Halafu "aliingia kwa maji" badala ya aliingia majini, hii "kwa" ya kila mahali ni sarufi. Na "maji ilikuwa", ngeli. Hii ngeli imerudi mara nne, ilikuwa, ilikuwa inaenda, ilimbeba, inamzidi. Unapiga mistari miwili kwenye ile ya kwanza, basi, hizo zingine unaziacha. Jumla matatu, si sita au saba. Na ona kitu kingine, kaandika "ilikuwa mengi". Kivumishi amekipatanisha vizuri na maji, ni kitenzi ndicho kimemponyoka. Huyu ngeli ya YA-YA anaijua, lakini sikio lake limezoea Kiswahili cha mtaani, na utamsaidia tofauti na yule asiyeijua kabisa.

Kuna wanafunzi wengine ile h inaingia kila mahali, hasiende, hakasema, halipofika. Hayo ni maneno tofauti, mimi nalipigia mstari kila neno jipya lakini nikifika kuamua alama nalihesabu kama tatizo moja lenye sura nyingi. Hapo mnapaswa mkubaliane kama idara kabla ya kuanza, isiwe mmoja anahesabu hivi na mwenzake vile.

Na tafadhali kamusi iwe mezani. Nimeona walimu wakipigia mstari "nduru" na "maalum" na "aila" kwa sababu wao wenyewe hawazitumii. Kama una shaka, fungua kamusi kwanza, kumwandikia mtoto kosa mahali hajakosea kunamfanya aliache neno zuri maisha yake yote.

Misemo

Hapa ndipo watoto wanapotea zaidi, na sisi walimu ndio tumewapoteza. Tumewaambia watie misemo, wakatia kama chumvi ya mtu aliyekasirika. Hakuna mahali mwongozo unasema misemo kumi ni A. Misemo, methali, tashbihi zimo kwenye kipengele cha mtindo, na swali ni moja tu, je, huu msemo umefanya kazi mahali ulipo?

Kwenye aya yetu, "alitia nta masikioni" ni safi, maana ni kukataa kusikia, na swali lenyewe linahusu kutosikia. Tiki. "Kufumba na kufumbua" pia imekaa, mambo yalitokea ghafla. "Kama unyoya" inaonyesha maji yalivyomchukua kirahisi, tiki. Lakini "alipiga moyo konde akaanza kulia" hapana. Kupiga moyo konde ni kujikaza, kujipa ujasiri, na huyu hapa amekata tamaa analia aokolewe. × juu yake. Alitaka pengine kusema maji yalimfika shingoni, na hapo ingekuwa tamu zaidi manake yalikuwa yamemfika shingoni kwelikweli.

Namna ya kujua msemo umebandikwa tu ni hii: uuondoe, soma sentensi bila huo msemo. Kama hakuna kilichopungua au sentensi imekuwa bora, ulikuwa pambo. Pia kuna ule utangulizi wa kukariri, miale ya jua, ndege wakiimba, nikarauka alfajiri, aya nzima, halafu kisa chenyewe kinatokea usiku. Usiutie tiki kila neno kwa sababu limeandikwa vizuri. Ukiona lugha ya aya ya kwanza iko juu sana kisha aya ya pili inashuka ghafla, kiwango chako kitoke kwenye aya ya pili na zinazofuata, kwa sababu hapo ndipo mtoto anaandika mwenyewe.

Na msemo uliokosewa umbo, mfano "kufumba macho na kufumbua macho yake", usiupe tiki ila pia usimwandame sana. Msemo unatakiwa ubaki ulivyo, lakini maana imefika.

Aya na muundo

Aya hazina alama yake peke yake kwenye mwongozo, mpangilio wa kazi kiaya ni sehemu ya mtindo pamoja na mtiririko wa mawazo, hati na unadhifu. Kwa hivyo watu wengi wanaandika tu "aya!" pembeni na kuendelea. Mimi nina mtindo wangu, kila aya naandika maneno mawili ya peni ya risasi pembeni kusema aya hii inafanya nini. Insha yetu ilitoka hivi: utangulizi wa tabia ya Juma, tabia ya Juma tena, marafiki wabaya, halafu ile aya ya nne, halafu majuto.

Angalia kilichotokea. Aya ya kwanza na ya pili zimebeba maneno yaleyale pembeni, maana yake ni wazo moja limekatwa mara mbili ili insha ionekane na aya nyingi. Na aya ya nne nilishindwa kuiandikia maneno mawili. Nikaandika "onyo, mto, hospitali". Hizo ni aya tatu zimebanwa kwenye moja, na ni zile tatu zenye uzito wote wa methali! La mkuu lina sentensi moja, kuvunjika guu sentensi moja.

Tena kuna shimo. Juma analia aokolewe, sentensi inayofuata yuko hospitali mguu umevunjika. Nani alimtoa? Mguu ulivunjwa na nini, jiwe, gogo? Mtoto hakutuambia. Hilo si kosa la sarufi, hakuna mstari wa kulipigia, ndiyo sababu mwalimu anayehesabu mistari hawezi kuliona. Lakini linagusa mtiririko na ndilo linalomzuia kupanda kiwango kuliko zile h zote. Andika pembeni swali fupi, "aliokolewaje?"

Usichanganye na mazungumzo, wahusika wakiongea kila mmoja anaanza mstari wake, hizo si aya mbovu. Mambo ya sura, ile ya kuondoa alama 4 na kuandika 4S, ni ya insha zenye sura maalum kama barua rasmi, hotuba au kumbukumbu, na huondolewa baada ya kutuza, si kabla. Methali usiiguse na 4S.

Urefu

Huna haja ya kuhesabu neno kwa neno. Hesabu maneno kwenye mistari michache upate wastani. Mtoto mwenye wastani wa maneno 9 kwa mstari insha yake ni kamili akifika ukurasa mmoja na nusu, mwenye 7 kurasa mbili, mwenye hati kubwa ya maneno 5 anahitaji kurasa mbili na robo tatu. Kuanzia maneno 375 ni insha kamili, 275 hadi 374 robo tatu, 175 hadi 274 nusu, chini ya hapo robo. Hati kubwa inadanganya macho sana, fanya hii hesabu hata kama kurasa zinaonekana nyingi.

Kutoa alama

Sasa rudi kwenye herufi uliyoandika mwanzoni. Mimi insha ya Juma niliiandikia C na alama ya kuuliza, manake niliielewa yote lakini ilinigonga hapa na pale. Baada ya kutia alama nikapata picha hii: kisa kinaoana na methali, pande zote mbili zipo ingawa zimekimbizwa, misemo inayofaa ipo michache na mmoja umekosewa, hijai na sarufi zinaonekana kila aya lakini haziui maana, aya zimepangwa vibaya na kuna shimo.

Swali likawa C+ au B-. Hapa ndipo utajipima kama mwalimu. B- ya 11 inataka mtoto anayedhihirisha kwamba anaimudu lugha, hata kama makosa yapo. C+ ni ujumbe umefika lakini kwa njia hafifu. Nikasoma tena aya ya nne pekee. Kama angekuwa ameiachanisha ziwe aya tatu na akatueleza alivyookolewa, ningempa 11 na zile h zake zote. Lakini kilele cha kisa kimepita kama habari ya redio, ujumbe umefika hafifu. C+ 10.

Kisha maelezo mafupi chini, na haya si mapambo, mwongozo unataka maelezo yanayohalalisha kiwango. Niliandika: "Kisa kimelenga pande zote za methali. Mtiririko umekatika aya ya 4, mambo matatu katika aya moja. Misemo yafaa ila 'piga moyo konde'. Ngeli na herufi kubwa zishughulikiwe. C+ 10/20."

Ukimaliza skripti kumi hivi, rudia ile ya kwanza. Ya kwanza mara nyingi unaituza kabla hujaelewa kundi zima likoje, unaweza kuta ulimpa 8 mtu ambaye analingana kabisa na uliyempa 10 baadaye. Na kama mko wawili idarani, badilishaneni skripti tano kila mtu aficha alama zake, mkipishana zaidi ya alama mbili kaeni chini msome ile insha kwa sauti. Mara nyingi utakuta mmoja wenu alihesabu maji ilikuwa, maji ilimbeba, maji inamzidi kama makosa matatu.